Mkwamo na zamu za prosesa katika mtihani wa mifumo endeshi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya nimeyaokota ubaoni, kwa wanafunzi ninaokaa nao jioni hapa Tabora kila mitihani inapokaribia. Karatasi zao huja kwa Kiingereza, lakini tunajadiliana kwa Kiswahili, na nimeona kwamba anayeweza kulieleza jambo kwa Kiswahili bila kukwama ndiye huyohuyo anayelijibu vizuri kwenye karatasi. Majibu yanasomeka moja moja. Panapohitajika kurudi nyuma, nimetaja namba ya swali.

## Misingi ya mkwamo

1. Mkwamo ni kitu gani hasa? Si ndiyo kompyuta kuganda?

Hapana. Mkwamo, au dedloki kama wengi tunavyosema darasani, ni pale kundi la michakato linaposubiriana, na kila mmoja unasubiri kitu ambacho kinaweza kuachiwa na mwenzake wa kundi hilohilo tu. Hakuna wa nje atakayewakomboa, na hata ukisubiri hadi kesho hali ni ileile.

Kompyuta inaweza kuganda kwa sababu nyingine kabisa. Kumbukumbu imejaa, diski inachelewa, au programu imeingia kwenye kitanzi kisichoisha. Tofauti unaweza kuiona kwa macho kwenye Linux. Fungua `top`. Mchakato ulio kwenye kitanzi unaonyesha herufi `R` na `%CPU` iliyokaribia 100, kwa sababu unafanya kazi, ila kazi isiyo na mwisho. Nyuzi zilizokwama zikisubiri kufuli kwa kawaida zinaonyesha `S` na 0.0, maana zimelala. Mtahini akiuliza kwa nini programu iliyokwama haili prosesa, jibu ni hilo: anayesubiri kufuli ameondolewa kwenye foleni ya walio tayari, hivyo prosesa haimpi zamu.

2. Masharti manne ni yapi, na niyakumbuke vipi?

Yaliandikwa pamoja mwaka 1971 na Coffman, Elphick na Shoshani, ndiyo maana vitabu huyaita masharti ya Coffman. Mimi nayafundisha kwa reli, kwa sababu kila mtu hapa ameshakaa kituoni treni ikisubiri kupishana na nyingine.

Njia ya kwenda Kigoma ni moja. Treni mbili zinazokutana hupishana kituoni, palipo na njia ya pembeni. Sasa tufikirie kwamba njia ya pembeni ya Urambo imejaa mabehewa yaliyoachwa pale. Treni inayotoka Tabora imesimama kwenye kipande cha Usoke hadi Urambo, inataka kipande cha Urambo hadi Kaliua. Inayotoka Kigoma imesimama kwenye hicho cha Urambo hadi Kaliua, inataka kile cha Usoke hadi Urambo.

Sharti la kwanza ni umiliki wa mmoja: kipande kimoja cha reli hakibebi treni mbili zinazoelekeana. La pili ni kushika huku ukisubiri: kila treni inakalia kipande chake wakati inaomba kingine. La tatu ni kutonyang'anywa: hakuna anayeinyanyua treni juu ya reli ampishe mwingine, mwenyewe ndiye huondoka akimaliza. La nne ni mzunguko wa kusubiriana: ya Tabora inaisubiri ya Kigoma, na ya Kigoma inaisubiri ya Tabora.

Yote manne lazima yawepo kwa wakati mmoja. Likikosekana moja tu, mkwamo hauwezekani.

3. Lakini treni si inaweza kurudi nyuma?

Inaweza, na swali hili hunifurahisha kila linapoulizwa, kwa sababu anayeuliza tayari ameanza kuvunja masharti. Treni ya Tabora ikiamriwa irudi Usoke, imenyang'anywa kipande ilichokuwa imekikalia. Sharti la tatu limevunjika na mzunguko umefunguka. Gharama yake ni mwendo uliopotea.

Kwenye mifumo ya hifadhidata ndivyo inavyofanyika: mfumo unagundua mzunguko, unachagua muamala mmoja, unaufuta hatua zake na kuurudisha mwanzo. Kwenye printa iliyofika katikati ya ukurasa huwezi kufanya hivyo, karatasi imeshachafuka. Kwa hiyo ukiandika "tunyang'anye rasilimali" kwenye mtihani, sema pia ni rasilimali gani, na kama hali yake inaweza kuhifadhiwa na kurudishwa. Prosesa na kumbukumbu zinaweza. Printa haiwezi.

## Kuyaona masharti ndani ya swali

4. Mwalimu, niliyataja masharti yote manne na kuyaeleza. Kwa nini nilipewa 4 kati ya 10?

Kwa sababu swali halikukuuliza masharti ni yapi. Lilikuuliza yako wapi. Nimesahihisha majaribio ya namna hii, na karatasi nyingi zinapoteza alama hapohapo: maelezo ya kitabu yamekaa vizuri, lakini hakuna hata mstari mmoja wa msimbo uliotajwa. Mimi mwenyewe nilipokuwa mwanafunzi niliangushwa na kosa hilihili, ndiyo maana nalisemea sana.

Chukua msimbo huu, ambao kwa sura moja au nyingine hurudi mara nyingi kwenye mitihani:

```
hamisha(X, Y, kiasi):
    funga(X)
    funga(Y)
    X.salio = X.salio - kiasi
    Y.salio = Y.salio + kiasi
    fungua(Y)
    fungua(X)
```

Uzi U1 unaita `hamisha(A, B, 5000)`. Wakati huohuo uzi U2 unaita `hamisha(B, A, 2000)`. Wakala mmoja anamtumia mwenzake, na mwenzake anamtumia yeye. Unaulizwa: je, mkwamo unawezekana? Thibitisha.

Kwanza onyesha mfuatano wa matukio unaouleta. U1 unatekeleza `funga(X)`, na X yake ni A, kwa hiyo A imefungwa. Hapo zamu yake inaisha. U2 unaingia na kutekeleza `funga(X)`, na X yake ni B. Unaendelea kwenye `funga(Y)`, yaani A, unakuta imefungwa, unalala. U1 unarudi, unafika `funga(Y)`, yaani B, unakuta imefungwa, nao unalala. Mfuatano huo peke yake ni nusu ya alama, na wengi hawauandiki.

Kisha kila sharti lipe mahali pake. Umiliki wa mmoja uko kwenye `funga`, kwa sababu kufuli inashikwa na uzi mmoja tu. Kushika huku ukisubiri kuko kati ya mstari wa `funga(X)` na wa `funga(Y)`: U1 umeshika A na unaomba B. Kutonyang'anywa kunaonekana kwa kuwa `fungua` inaitwa na mwenye kufuli mwenyewe, mwishoni, na hakuna mstari mwingine unaoweza kumtoa. Mzunguko ni U1, B, U2, A, kisha U1 tena. Uchore kwa mishale: kutoka uzi kwenda kufuli unayoiomba, na kutoka kufuli kwenda uzi unaoishika.

Angalia jambo moja zaidi. Msimbo huu unaweza kukimbia siku nzima bila kukwama, maana kwenye prosesa moja zamu lazima ikatike pale pale kati ya mistari miwili ya `funga`. Ndiyo sababu jibu la "niliujaribu, haukukwama" halithibitishi kitu. Swali ni kama mkwamo unawezekana.

5. Nikiambiwa nizuie mkwamo, nivunje sharti lipi?

Anza na mzunguko. Umiliki wa mmoja kwa kawaida hauvunjiki, kwani salio haliwezi kubadilishwa na nyuzi mbili kwa pamoja bila kuharibika. Kunyang'anya kufuli katikati ya kuhamisha fedha kunaweza kuacha pesa zimetoka kwa mmoja na hazijafika kwa mwingine. Kushika huku ukisubiri kunavunjika ukiomba kufuli zote kwa mkupuo mmoja, lakini unakalia vitu ambavyo huvihitaji bado.

Mzunguko unavunjwa kwa nidhamu ndogo: kufuli zote zipewe namba, na kila mtu azifunge kuanzia namba ndogo kwenda kubwa.

```
kama X.namba < Y.namba:
    funga(X); funga(Y)
sivyo:
    funga(Y); funga(X)
```

Sasa rudia mfuatano wa swali la 4. U1 na U2 wote wanaanza na A. Atakayewahi A ndiye atakayeiendea B, na mwingine anasubiri mikono mitupu. Mzunguko haufungiki, kwa kuwa ili ufungike, lazima mmoja awe ameshika namba kubwa huku anaomba ndogo, na hilo tumelikataza.

Mtego mmoja: mtu akijitumia mwenyewe, X na Y ni akaunti ileile. Kufuli ya kawaida isiyoruhusu mwenyewe kuifunga mara ya pili itamkwamisha peke yake. Weka sharti la kumkataa kabla hajafunga chochote.

6. Nikiona mzunguko kwenye mchoro wa rasilimali, niandike "kuna mkwamo"?

Hesabu kwanza nukta zinazoonyesha nakala za kila rasilimali. Kama kila rasilimali ina nakala moja tu, mzunguko ni mkwamo, andika bila wasiwasi. Kama kuna yenye nakala zaidi ya moja, mzunguko ni dalili tu.

Mfano: R1 ina nakala moja, R2 ina mbili. P1 umeshika R1 na unaomba R2. P2 umeshika nakala moja ya R2 na unaomba R1. Mzunguko huo hapo. Lakini nakala ya pili ya R2 iko kwa P3, na P3 hauombi kitu. P3 utamaliza na kuiachia, P1 utaichukua, utamaliza na kuachia R1, na P2 utaendelea. Hakuna mkwamo. Jibu lenye alama ni lile linaloandika huo mpangilio wa kumaliza: P3, P1, P2.

7. Wamenipa idadi ya michakato na printa tu, bila mchoro. Nafanyaje?

Fikiria hali mbaya kuliko zote: kila mchakato umepata vyote isipokuwa kimoja. Michakato 3, kila mmoja unahitaji printa 2 kwa kilele. Katika hali mbaya kila mmoja umeshika 1, jumla 3. Ukiongeza ya nne, lazima mmoja utimize mahitaji yake, umalize na kuachia. Kwa hiyo 4 zinatosha kabisa, na 3 zinaweza kukwama. Kwa michakato n, kila mmoja ukihitaji k kwa kilele:

```
m >= n(k - 1) + 1
```

Andika na ile hoja ya hali mbaya, kwa sababu fomula bila sababu yake hupunguziwa.

## Zamu za prosesa

8. Swali la kulinganisha njia za kupanga zamu linaanzwaje?

Linaanzwa kwa kuchora chati ya Gantt ya kila njia kwa michakato ileile, kabla ya kusema neno lolote la sifa. Tutumie hii hadi mwisho wa ukurasa:

| Mchakato | Unafika | Kazi |
|---|---|---|
| P1 | 0 | 6 |
| P2 | 1 | 3 |
| P3 | 2 | 1 |
| P4 | 3 | 4 |

Jumla ya kazi ni 14. Prosesa haikai bure hapa, kwa hiyo kila chati lazima iishie 14. Yako ikiishia 13 au 15, rudi nyuma sasa hivi, usiendelee kukokotoa.

Muda wa jumla wa mchakato ni ulipomaliza kutoa ulipofika. Muda wa kusubiri ni muda wa jumla kutoa kazi yake. Muda wa kujibiwa ni uliposhika prosesa mara ya kwanza kutoa ulipofika. Kosa ninalolikuta mara nyingi kuliko yote ni kusahau kutoa muda wa kufika.

9. Chati zenyewe zinatokaje?

Kwa FCFS, anayewahi anahudumiwa hadi amalize:

```
P1 0-6 | P2 6-9 | P3 9-10 | P4 10-14
```

Kusubiri: 0, 5, 7, 7. Wastani ni 19/4, yaani 4.75. Mwangalie P3. Kazi yake ni ya kipimo 1 tu, lakini amesubiri 7 kwa sababu mwenye mzigo mkubwa ametangulia dirishani.

Kwa SJF isiyokatiza, prosesa ikiwa huru inamchukua mwenye kazi fupi kati ya waliokwishafika. Saa 0 yupo P1 peke yake, hivyo anaingia na kumaliza:

```
P1 0-6 | P3 6-7 | P2 7-10 | P4 10-14
```

Kusubiri: 0, 6, 4, 7. Wastani 17/4, yaani 4.25. Wengi humwanzisha P3 saa 0 kwa kuwa ndiye mfupi, wakati hajafika bado.

Kwa SRTF, kila anapofika mgeni tunalinganisha kazi iliyobaki. Saa 1 P1 amebakiza 5, P2 ana 3, P2 anachukua. Saa 2 P2 amebakiza 2, P3 ana 1, P3 anachukua. Saa 3 P3 amemaliza, P2 wa 2 anamshinda P4 wa 4. Saa 5 P4 wa 4 anamshinda P1 wa 5.

```
P1 0-1 | P2 1-2 | P3 2-3 | P2 3-5 | P4 5-9 | P1 9-14
```

Kusubiri: 8, 1, 0, 2. Wastani 11/4, yaani 2.75.

Kwa RR ya kipande cha muda 2, kila mmoja anapewa 2 kisha anarudi mwisho wa foleni:

```
P1 0-2 | P2 2-4 | P3 4-5 | P1 5-7 | P4 7-9 | P2 9-10 | P1 10-12 | P4 12-14
```

Kusubiri: 6, 6, 2, 7. Wastani 21/4, yaani 5.25. P3 aliachia prosesa saa 5 bila kungoja kipande chake kiishe. Kazi ikiisha, anaondoka.

10. RR imenipa wastani mbaya kuliko hata FCFS. Nimekosea?

Hujakosea. Kipimo ulichotumia siyo ambacho RR ilitengenezewa. Kokotoa muda wa kujibiwa: chini ya RR ni 0, 1, 2 na 4, wastani 1.75. Chini ya FCFS ni 4.75, sawa na wa kusubiri, kwa kuwa hakuna anayekatizwa. Mtu aliyekaa mbele ya skrini anataka aone kitu kimeanza kujibu, na hapo RR inashinda.

Kipande cha muda kikiwa kikubwa, kwa mfano wetu 6 au zaidi, RR inageuka kuwa FCFS yenyewe. Kikiwa kidogo sana, prosesa inatumia muda mwingi kubadilisha zamu kuliko kufanya kazi. Karatasi ikitaja gharama ya kubadilisha zamu, iingize kwenye chati kama kisanduku chake, na hapo chati haitaishia tena 14.

11. Saa 2 P3 anafika na P1 anakatizwa kwa pamoja. Nani anatangulia kwenye foleni?

Hapo juu nimemtanguliza mgeni, na ndivyo walimu wengi hufanya. Ukimtanguliza P1, P3 anaingia saa 6 badala ya 4, kusubiri kwake kunakuwa 4, na wastani unapanda kutoka 5.25 hadi 5.75. Majibu yote mawili ni sahihi ukiandika mstari mmoja juu ya chati: "Nimechukulia kwamba mgeni anatangulia aliyekatizwa." Usipoandika, msahihishaji hana njia ya kujua kama umeamua au umeteleza.

12. Kama SRTF ina wastani mdogo hivyo, kwa nini isitumike kila mahali?

Kwa sababu mfumo haujui kazi itachukua muda gani. Kwenye karatasi umepewa safu ya tatu ya jedwali. Kwenye mashine halisi safu hiyo haipo. Mfumo unaweza tu kukisia kutokana na vipindi vilivyopita.

Sababu ya pili ni P1. Alifika wa kwanza, akasubiri 8, akamaliza wa mwisho. Wangeendelea kuja wafupi kila dakika, asingepata zamu kabisa. Hiyo tunaiita njaa, na dawa yake ni kumpandishia hadhi kadiri anavyokaa foleni.

## Pale mada mbili zinapokutana

13. Njaa na mkwamo vina tofauti gani?

Katika njaa prosesa inafanya kazi na wengine wanasonga. Mmoja tu anarukwa, na wageni wakikoma kuja atapata zamu. Katika mkwamo hata wageni wakikoma hakuna kinachobadilika (swali la 1). Mtihani wa haraka: tafuta mzunguko. P1 wa swali la 12 anamsubiri P4, lakini P4 hamsubiri P1. Hakuna mzunguko, basi ni njaa.

14. Mchakato wenye kipaumbele cha juu unaweza kuzuiwa na wa chini bila kuwa na mkwamo?

Unaweza, na ulishazuiwa kwenye sayari ya Mars. Chombo cha Pathfinder kilichotua Julai 1997 kilikuwa kinajiwasha upya chenyewe. Kazi ya kipaumbele cha chini, iliyokusanya data za hali ya hewa, ilikuwa imeshika kufuli. Kazi ya kipaumbele cha juu, iliyosimamia njia ya mawasiliano ndani ya chombo, ikaihitaji kufuli hiyo na kulala. Kisha kazi za kipaumbele cha kati, zisizohusika na kufuli, zikaichukua prosesa. Ile ya chini haikupata zamu ya kumaliza na kufungua, na ya juu ikaendelea kulala hadi mlinzi wa mfumo akaona imechelewa na kuwasha kila kitu upya.

Pitisha masharti manne hapo. Umiliki wa mmoja upo. Kutonyang'anywa kupo. Lakini ya chini haikuwa inasubiri kufuli yoyote, ilikuwa inasubiri zamu tu, na za kati hazikuisubiri ya juu. Mzunguko haupo, kwa hiyo si mkwamo. Ni kipaumbele kilichopinduka. Walikirekebisha kutoka duniani kwa kuwasha urithi wa kipaumbele kwenye kufuli ile: anayeishika anaazimwa kipaumbele cha anayeisubiri, anamaliza haraka, anafungua, na anarudi kwenye daraja lake.